Kutoka Dakika Kumi Hadi Tano: Kupunguza Tafakari Bila Kuupoteza Ujumbe Wake

Katika mwaka wangu wa uchungaji nilipangiwa kutoa tafakari kwenye jumuiya ndogo ndogo moja ya parokia niliyotumwa. Injili ilikuwa ile ya Msamaria mwema, Luka 10:25-37. Nilikuwa nimeandaa dakika kumi kamili, zimechapwa vizuri kwenye karatasi mbili. Nilipofika, mwenyekiti wa jumuiya akaniita pembeni. "Frateri, karibu sana. Ila mvua hiyo inakuja, na bado tuna mchango wa msiba wa kupitisha. Tusaidie kwa dakika tano tu." Nikamjibu, "Haina shida, Baba."

Shida ilikuwepo, ila sikuijua. Nilianza kwa kusoma haraka haraka. Nikaeleza habari za Wayahudi na Wasamaria, nikaeleza barabara ya Yeriko, nikarudia mfano wote wa Injili. Nilipoona muda unaisha niliruka ukurasa mzima, nikamalizia na maneno ya kushukuru. Mvua ilipoanza kupiga bati nilikuwa bado nazungumza. Baada ya sala ya mwisho, mama mmoja mtu mzima alinifuata, nikamwamkia. Akaniambia kwa upole, "Frateri, umetufundisha vizuri. Sasa ulitaka tufanye nini?"

Swali lake liliniuma kwa sababu ukurasa nilioruka ndio uliokuwa na jibu. Wiki mbili kabla, kijana wa bodaboda alikuwa amegongwa usiku kwenye kona ya mtaa ule. Watu walijaa, mimi nikiwa mmoja wao, nikirudi kutoka mazoezi ya kwaya. Karibu saa nzima hakuna aliyemsogelea. Tafakari yangu niliiandika kwa ajili ya usiku ule na jumuiya ile. Nilipopewa nusu ya muda, nilihifadhi historia ya Samaria na kuutupa usiku wetu.

Mlezi wangu alinikalisha na zile karatasi mbili, na tukazipunguza pamoja kwa jioni moja. Naeleza hapa tulivyofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu hali hii haikwepeki. Frateri huikuta kwenye jumuiya, katekista kwenye ibada ya Neno, mwenyekiti wa kamati anapopewa nafasi ya matangazo, na shemasi anapohubiri. Injili hii yenyewe husomwa Dominika ya 15 ya Mwaka C, waamini wakiwa wametulia, na hurudi Jumatatu ya juma la 27 la mwaka, katika Misa ya asubuhi ambayo watu huitoka wakikimbilia daladala. Maandiko ni yaleyale, muda ni mwingine. Hata Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 12 Juni 2024, aliwaambia wahubiri kwamba homilia isizidi dakika nane.

Sentensi moja kwanza

Mlezi hakugusa karatasi zangu. Aliniuliza, "Yule mama akifika nyumbani, na mumewe akimuuliza Frateri amesema nini, ungependa ajibu nini?" Nikasema, "Kuhusu upendo kwa jirani." Akatikisa kichwa. Hiyo ni mada, ujumbe haujasemwa. Mada ni jina la kitu, kama kichwa cha somo darasani. Ujumbe ni sentensi kamili, yenye kitenzi, ambayo mtu anaweza kuikubali au kuikataa.

Nikajaribu tena: "Tunapaswa kuwapenda watu wote, hata wasio wa kabila letu, na kuwasaidia wenye shida kama alivyofanya Msamaria." Akahesabu kwa vidole. Hapo palikuwa na jumbe tatu: kupenda wote, kuvuka ukabila, kusaidia wenye shida. Dakika kumi zinaweza kuzibeba tatu, kila moja ikiwa na uzito mdogo. Dakika tano haziwezi.

Tukarudi kwenye Injili yenyewe. Mwalimu wa sheria anauliza jirani yake ni nani. Yesu, akimaliza mfano, analigeuza swali: kati ya wale watatu, nani alikuwa jirani wa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi? Swali la kwanza linatafuta mpaka, linataka kujua nani yumo na nani hayumo. Swali la pili linamtazama anayepita njiani. Kwenye mgeuko huo ndipo nilipoipata sentensi yangu: jirani ni yule anayesimama.

Maneno manne. Niliyaandika juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu, na kila kilichofuata tulikipima kwa hayo. Ukishindwa kuandika sentensi yako, usianze kukata, kwa sababu hutajua unachokilinda. Mara nyingi dakika kumi huwa ndefu kwa sababu hiyohiyo: mwandishi hajaamua, kwa hiyo anaweka kila kitu.

Pima kwa saa, usikisie

Kazi ya pili ilikuwa kujua muda unakwenda wapi. Nilisimama chumbani, nikajirekodi kwa simu nikisoma tafakari yote kwa mwendo ule ninaoutumia mbele ya watu, pamoja na kunyamaza kidogo pale panapohitajika. Kisha nikasikiliza na kuandika kila sehemu ilichukua muda gani:

- Salamu, shukrani na utangulizi: dakika 1 na sekunde 15
- Kuusimulia upya mfano wa Injili: dakika 2
- Wayahudi, Wasamaria na barabara ya Yeriko: dakika 2
- Kuhani na Mlawi, kwa nini walipita: dakika 1
- Kisa cha kijana wa bodaboda: dakika 2 na sekunde 15
- Mambo matatu ya kufanya: dakika 1
- Kufunga na kushukuru: sekunde 30

Jumla ni dakika 10. Orodha hiyo ilinifundisha jambo ambalo macho hayakuwa yameliona kwenye karatasi. Zaidi ya dakika 5 zilipita kabla ya neno lolote lililowahusu watu waliokaa mbele yangu. Ndiyo maana nilipokatishwa muda, ujumbe ndio uliokatika: niliuweka mwishoni, mahali ambapo mvua, saa na mwenyekiti hufika kwanza.

Rekodi hiyo ilinipa pia mwendo wangu. Nilikuwa nasema kama maneno 95 kwa dakika. Wako atakuwa tofauti, na kanisa kubwa lenye mwangwi litakupunguzia zaidi, kwa hiyo jipime mwenyewe. Kwa mwendo wangu dakika 5 zingebeba maneno 475, lakini mlezi alinizuia nisizidi 430. Mbele ya watu huwa tunaongeza: tunarudia neno, tunasubiri mtoto anyamaze, tunasalimu. Ukiandika dakika tano kamili utasema sita.

Ondoa vipande vizima

Nilichotaka kufanya ni kupunguza kila sehemu kwa nusu. Inaonekana ni haki, lakini matokeo yake huwa mabaya. Unabaki na sehemu saba zilezile, kila moja imekonda, na msikilizaji anarushwa kutoka moja hadi nyingine kila baada ya sekunde 40. Nusu ya kila kitu inachosha zaidi kuliko kitu kizima, kwa sababu mtu hapati muda wa kutulia mahali popote.

Badala yake tuliuliza swali moja kwa kila sehemu: hii ikiondoka, je, mtu bado ataelewa na kuamini kwamba jirani ni yule anayesimama? Jibu likiwa ndiyo, sehemu inaondoka yote.

Kuusimulia upya mfano uliondoka. Watu walikuwa wameusikia Injilini dakika moja iliyopita, na wengi wanaujua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Salamu ndefu ziliondoka, ikabaki "Tumsifu Yesu Kristo." Kuhani na Mlawi waliondoka, na hapo moyo uliniuma, kwa sababu nilikuwa nimesoma sana kuhusu sheria za unajisi. Lakini sehemu ile ilijibu kwa nini watu wawili wa zamani walipita. Jumuiya haikuhitaji sababu zao. Ilikuwa na za kwake.

Historia ya Wasamaria ilitupa kazi zaidi. Ikiondoka yote, mgeuko wa Yesu unapoteza makali, kwa kuwa msikilizaji wa leo analijua neno "Msamaria" kama sifa nzuri tu. Kwa hiyo tuliuliza ni kiasi gani hasa kinachohitajika. Tukaacha sentensi moja: Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangamani, na Yesu alimchagua mtu ambaye msikilizaji wake hakutaka kumsikia akisifiwa. Dakika 2 zikawa sekunde 15.

Mambo matatu ya kufanya yakabaki moja. Nilikuwa nimewaomba watu wamsaidie majeruhi, wawatembelee wagonjwa, na wachangie mfuko wa maskini. Yote mema, lakini mawili ya mwisho hayakutoka kwenye sentensi yangu. Mtu akipewa mambo matatu huchagua lile jepesi, na jepesi kuliko yote lilikuwa kutoa mchango.

Ndani ya kisa: maneno yanakoficha muda

Kisa cha bodaboda kilibaki, maana ndicho kilichobeba sentensi. Hapa ndipo kukata kwa neno moja moja kunapofaa: baada ya vipande kuondoka, ndani ya kile kilichobaki. Mwanzo wake ulikuwa hivi:

"Ndugu zangu wapendwa, naomba niwakumbushe jambo ambalo wengi wetu hapa tunalifahamu. Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne kama sikosei, majira ya saa mbili au saa tatu hivi usiku, kijana mmoja anayefanya kazi ya bodaboda, ambaye alikuwa akirudi nyumbani baada ya kumshusha abiria, aligongwa na gari dogo ambalo halikusimama. Kama mnavyojua, ile kona ni mbaya na tumeshasema mara nyingi kwamba inahitaji matuta. Watu wengi walifika pale. Wapo waliommulika kwa simu, wapo waliopiga picha, wapo waliokuwa wanabishana ni nani apige simu. Yule kijana alilala chini pale kwa muda mrefu, karibu saa nzima, hadi alipopita dereva wa bajaji ambaye hakuwa hata mtu wa mtaa ule, akamchukua na kumpeleka hospitali."

Na hivi ndivyo kilivyobaki:

"Wiki mbili zilizopita, usiku, kijana wa bodaboda aligongwa pale konani. Tulifika wengi. Tulimmulika kwa simu. Karibu saa nzima hakuna aliyemgusa. Kisha akapita dereva wa bajaji, mgeni wa mtaa huu. Akasimama."

Maneno 106 yamekuwa 30. Tazama yaliyotoka. Kwanza ni maneno ya kujipasha moto: naomba niwakumbushe, kama mnavyojua, kama sikosei. Tunayasema tukitafuta ujasiri, na kwenye karatasi hayahitajiki. Pili ni "ambaye" na "ambalo", zinazobeba habari za pembeni mgongoni mwa sentensi: abiria aliyeshushwa, gari lililokimbia. Ukiona "ambaye" katika kisa, uliza kama habari hiyo inahitajika. Ikihitajika, mara nyingi kitenzi chenye "-ka-" kitaibeba kwa neno moja: akapita, akasimama. Tatu ni matuta ya barabarani. Ni kero ya kweli, lakini ni ujumbe mwingine, na wasikilizaji wangeanza kuwaza habari za matuta mpaka mwisho.

Kisa sasa kinaishia kwenye neno lilelile la sentensi kuu. Awali kiliishia hospitali, na hospitali haikuwa hoja yangu.

Kisichokatwa hata kama muda umeisha

Kuna hatari ambayo sikuiona mpaka mlezi aliposoma toleo langu la kwanza fupi. Nilikuwa nimeandika: "Mlifika wengi. Mlimmulika kwa simu. Hakuna aliyemgusa." Kwenye dakika kumi kulikuwa na maneno mengi ya kulainisha: ninyi ni watu wema, sote ni wadhaifu, sisemi haya kumhukumu mtu. Nilipopunguza nilianza na hayo, kwa kuwa hayakuwa na habari yoyote. Kilichobaki kilikuwa mashitaka. Watu wangeinamisha vichwa, na aliyeshitakiwa huacha kusikiliza na kuanza kujitetea.

Hili ndilo kosa la kawaida katika kufupisha maneno magumu. Upole hukaa katika maneno yanayoonekana ya ziada, na yakiondoka ukweli unabaki mkali kuliko ulivyokusudiwa. Dawa yake si kuyarudisha yote. Katika Kiswahili silabi moja ilitosha: "mli-" ikawa "tuli-". Nilikuwa pale, kwa hiyo sikusema uongo. Kama hukuwepo, usijiweke ndani ya kisa. Tafuta mahali pengine ambapo wewe mwenyewe ulipita bila kusimama, ulitaje kwa sentensi moja.

Kuna sentensi ya pili iliyorudi. Nilikuwa nimekata maelezo ya hofu: watu wanaogopa kuulizwa maswali polisi, wanaogopa kuhangaikia fomu ya PF3, wanaogopa kuambiwa wao ndio waliogonga. Nilidhani yanadhoofisha ujumbe. Mlezi akasema ni kinyume. Ujumbe wa dakika tano usiogusa sababu halisi ya watu kutosimama utasikika kama wa mtu asiyeishi duniani. Tukairudisha hofu kwa sekunde 20, na tukapata mahali pa kuiunganisha na Injili: Msamaria naye alisimama kwenye barabara yenye wanyang'anyi, akatumia mafuta, divai, mnyama wake na dinari mbili. Kusimama kulimgharimu.

Toleo la dakika tano

Mpangilio mpya ulianza na kisa cha kona pamoja na hofu yetu: dakika 1 na nusu. Ukafuata mgeuko wa swali la Yesu, pamoja na sentensi moja kuhusu Wasamaria: dakika 1. Halafu Msamaria alichotoa, na sentensi kuu ikisemwa waziwazi: dakika 1 na sekunde 15. Kisha jambo moja la kufanya: ukimkuta majeruhi barabarani usikae peke yako na hofu yako, mwite jirani mmoja, mmoja apige simu, mwingine abaki na aliyeumia. Hilo lilichukua sekunde 45. Mwisho sekunde 15: sentensi kuu mara ya pili, kisha ukimya. Jumla dakika 4 na sekunde 45.

Sentensi kuu inasikika mara mbili, na kabla haijatamkwa neno lake limekwisha kusikika kwenye kisa. Mwisho nilijifunza kwa moyo. Hiyo ndiyo kinga ya siku ya mvua: ukikatishwa katikati, unaacha vyote unaruka hadi sentensi ya mwisho, na ujumbe unafika hata bila maelezo yake.

Kabla ya kurudi kwenye jumuiya nilimsomea toleo hilo mpishi wa nyumba ya mapadre na mafrateri wawili. Sikuwauliza kama ni nzuri, maana wangesema ni nzuri. Niliwauliza, "Nimesema nini?" Mafrateri walijibu karibu sawa. Mpishi alisema, "Kwamba polisi wanasumbua." Basi hofu ilikuwa imechukua nafasi kubwa mno, nikaipunguza hadi sekunde hizo 20 na kuisogeza mbali na mwisho. Kipimo ni hicho: wasikilizaji watatu wakikupa majibu matatu, bado una jumbe tatu.

Dakika tano zina mpaka wake. Haziwezi kufundisha historia, wala kujibu pingamizi mbili tatu, wala kumfikisha mtu kwenye jambo asilolijua kabisa. Kama kazi yako ni kueleza taratibu za ndoa au hesabu za ujenzi wa kanisa, omba muda mwingine au gawa maelezo kwenye karatasi. Zinachoweza kubeba ni jambo moja ambalo watu tayari wana sababu ya kulijali. Zile dakika 5 nilizokata sikuzitupa pia. Kuhani na Mlawi wako kwenye daftari langu, wanasubiri Dominika yao.

Niliomba nafasi tena kwenye jumuiya ileile, na mwenyekiti akanipa dakika tano zilezile. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Watu walikaa kimya kidogo, kisha mzee mmoja akauliza, "Ina maana sisi wa nyumba za pale konani, nani ana namba ya nani?" Wakaanza kuandikiana namba za simu. Yule mama aliandika yake ya kwanza.